Posa haijaletwa bado? Anzeni na hati za mshahara

*"Wakuu, mwenzangu analeta posa kwetu mwezi wa nne. Yeye ni Mchaga wa Machame, KKKT, mtoto wa mwisho kwao. Mimi ni Mkatoliki wa Tabora. Wote tumeajiriwa Dar. Kila mtu ananiambia tuongee kwanza pesa, watoto, dini na ndugu. Naanzia wapi bila kuonekana namfanyia usaili?"*

Dada, mimi ni Msambaa wa Lushoto niliyeolewa Marangu, kwa hiyo baadhi ya hayo nimeyapitia. Usimuulize "unaonaje kuhusu pesa", maana hapo kila mtu ana jibu zuri. Toa hati yako ya mshahara, muwekee mbele, halafu muombe ya kwake. Ukitangulia wewe, usaili unageuka mazungumzo.

Tuseme mshahara wa msingi ni 900,000, sekta binafsi, na mtu alisomea mkopo. NSSF inachukua 90,000, Bodi ya Mikopo asilimia 15 ambayo ni 135,000, kodi kama 80,500. Mkononi inabaki karibu 595,000. Wachumba wengi wanapanga maisha kwa ile 900,000 waliyoisikia.

Halafu ulizia yasiyoandikwa kwenye hati: kikoba, mikopo ya kausha damu ya kwenye simu, ada za wadogo zake, dawa za mzazi. Na kuna moja watu hawalitaji kwa sababu hawalioni kuwa ni deni, yaani udhamini. Mume wangu alikuwa amemdhamini mwenzake wa kazini SACCOS. Yule akiacha kulipa, akiba ya mdhamini ndiyo inayokatwa. Nilipomuuliza "unadaiwa?" alijibu hapana, na hakuwa anadanganya. Nilipomuuliza "umemsainia nani?" ndipo likatoka.

Kuhusu kutuma nyumbani, sisi tulikubaliana kiwango cha kila mwezi kwa kila upande, na cha dharura kikawekwa pembeni. Kilichotusaidia zaidi ni kwamba kila mmoja anazungumza na kwao mwenyewe. Mama mkwe hajawahi kusikia "hapana" kutoka mdomoni kwangu. Ingieni pia kwenye Desemba. Ukiolewa Uchagani utakwenda "kuhesabiwa", na nauli za msimu huo, mbuzi na zawadi si pesa ya mshahara mmoja. Ulizeni mapema kama ni kila mwaka, au kwa zamu na Tabora.

Kwako wewe, pale uliposema mtoto wa mwisho ndipo ningekaa muda mrefu zaidi. Kwa mila za Kichaga, kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, na pamoja na nyumba hiyo anarithi kazi ya kuwatunza. Muulize waziwazi: mama yake akishindwa kuishi peke yake, atakuja Dar au mmoja wenu atahamia Machame? Nani ataacha kazi? Kuna anayelipwa wa kumsaidia, na analipwa na nani kati ya ndugu wote? Ukijibiwa "tutaona", jua kwamba kwa kawaida anayeonekana ni mke.

Linalofuata ni ujenzi. Mtaambiwa mjenge kihambani, na mtajenga kwa pesa ya wote wawili. Kihamba ni ardhi ya ukoo, hakiuzwi kirahisi, na mzee akifariki kabla hakijagawiwa rasmi, ardhi hiyo inaingia kwenye mirathi yake. Hata kwingine, Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ikiwa kwa majina ya wote wawili, mna haki sawa. Kwa hiyo jibu la "tujenge wapi" liambatane na "hati iandikwe jina la nani". Sisi tulinunua kwanza kiwanja chenye majina mawili, cha kijijini kikafuata baadaye, kidogo. Wakwe walinuna kidogo, wakazoea.

Dini, kwenu si mlima, ila usiliache hadi siku ya kwenda kwa padre. Mkatoliki akifunga ndoa na Mlutheri anahitaji ruhusa ya kanisa lake, na anaahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzako hataahidi, ila lazima aambiwe kwamba wewe umeahidi. Sasa fikiria baba yake, mzee wa usharika, akilisikia hilo siku ya ubatizo. Mwenzako amweleze mwenyewe, kabla ya posa.

Watoto: idadi inabadilika, msigombane nayo. Nendeni mkapime seli mundu wote wawili. Kama kila mmoja wenu amebeba kinasaba hicho, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa, na mtu anaweza kukibeba maisha yake yote bila dalili yoyote. Ulizia kipimo kwenye hospitali ya mkoa, majibu yachukueni pamoja. Na kama umeshaahidi tarehe ya posa, mwezi wa nne unawatosha kwa yote haya mkianza wiki hii.