Sampuli ya kasha kutoka Lamu: nani alipe nini

Mnunuzi mwenye duka Muscat ameona picha za makasha madogo ya nakshi, kayapenda, na swali lake la kwanza ni, "Waweza kunitumia sampuli?" Mafundi wengi wa Lamu hujibu "Hakuna shida" papo hapo, na shida huanzia hapo. Neno hilo halisemi nani alipe kasha, nani alipe usafiri, wala nani alipe forodha ikimpigia simu mwenye duka. Kila upande hudhani ni mwenzake.

Jibu la kwanza libebe kila gharama kwa jina lake. Tuchukue kasha moja la mwembe, urefu sentimita 28, upana 20, kimo 12. Ujumbe unaotosha ni huu:

"Assalaam alaikum. Tutakutumia kasha 1 la mwembe, sm 28 × 20 × 12, kwa rangi uliyoichagua. Bei ya sampuli ni shilingi 3,500 za Kenya, zitufikie kamili kabla kifurushi hakijatoka Lamu. Makato ya benki ya kutuma ni juu yako. Kukifikisha Mombasa ni juu yetu. Kutoka Mombasa hadi dukani kwako, usafiri ni juu yako kwa akaunti yako ya kampuni ya vifurushi. Ushuru, kodi na ada ya kampuni ya vifurushi huko Muscat pia ni juu yako. Ukiagiza makasha 40 au zaidi ndani ya siku 90 tangu kupokea sampuli, shilingi 3,500 tutazikata kwenye invoisi ya oda hiyo. Usafiri wa sampuli haukatwi."

Bei ya 3,500 yahitaji maelezo, kwa sababu kasha hilohilo kwenye oda ni shilingi 2,400, na mnunuzi atauliza. Mwambie wazi: kasha la peke yake humsimamisha fundi kazi nyingine, mbao hukatwa kwa kipande kimoja, na rangi huchanganywa kwa kasha moja. Tena ndani ya bei hiyo mnatengeneza makasha mawili. Moja linakwenda, pacha wake anabaki karakanani akiwa na tarehe na sahihi chini ya kitako. Oda ikija, huyo pacha ndiye fundi anayemtazama anapochonga.

Je, kuna cha kutoa bure? Kipo. Mnunuzi ambaye bado anachagua rangi mpe vipande vitatu vinne vya mbao vya sentimita 10, vilivyopakwa rangi tofauti na kuandikwa namba kwa nyuma. Gharama yake ni mabaki ya mbao tu, na uzito wake ni mdogo. Kasha zima lenye nakshi tusilitoe bure. Asiyekubali kulilipia shilingi 3,500 mara chache huagiza arubaini.

Sasa safari. Kifurushi cha Lamu kina safari mbili, na ile ya kwanza ndiyo husahauliwa: punda au mkokoteni hadi gatini, boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Mombasa. Ni afadhali uibebe mwenyewe, uihesabu ndani ya bei ya sampuli. Mnunuzi wa Muscat haelewi risiti ya boti, na kumdai kiasi kidogo kidogo humchosha.

Safari ya pili, ya Mombasa hadi Muscat, ndiyo yenye pesa. Kampuni za kimataifa za vifurushi hutoza uzito mkubwa kati ya miwili: ule wa mizani, na ule wa nafasi, yaani urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5,000. Kisha hupandisha hadi nusu kilo inayofuata. Kasha letu pamoja na vifungio lina kama kilo 2 kwenye mizani. Likitiwa katika boksi lolote lililopatikana dukani, tuseme la 40 × 30 × 25, nafasi yake ni 30,000, ambayo ukigawa ni kilo 6. Mnunuzi atalipia kilo 6 za hewa na karatasi.

Kata boksi upya. Acha sentimita 3 kila upande za kujazia, uwe na 34 × 26 × 18. Nafasi yake ni 15,912, sawa na kilo 3.18, na utatozwa 3.5. Pima nje, mahali boksi lilipotuna, maana kampuni nayo hupima hapo. Vipande vya rangi vitie ndani ya kasha lenyewe, umevifunga kwa kitambaa visikwaruze. Mpelekee mnunuzi vipimo hivyo kabla hajakubali chochote, ajue anachoingia.

Na akisema "Tumia akaunti yangu", usitosheke na namba aliyokuandikia kwenye WhatsApp. Akaunti ikiwa imefungwa, au mwenyewe akikana, kampuni humrudia aliyetuma, na aliyetuma ni wewe. Mwombe aweke oda ya kuchukua mzigo kutoka upande wake, akutumie hati ya kusafirishia ikiwa tayari, wewe uichapishe na kuibandika. Asiye na akaunti na alipe usafiri pamoja na sampuli, kwa bei uliyoulizia siku hiyo, na uandike bei hiyo ni ya mpaka lini.

Kwenye invoisi ya forodha wengi huandika thamani sufuri kwa kuwa "ni sampuli tu". Hapo mzigo hukwama, kwa sababu ofisa analiona kasha la nakshi na karatasi inasema halina thamani. Andika shilingi 3,500, eleza kuwa ni kasha la mwembe lililochongwa kwa mkono, sampuli, si la kuuzwa. Oman bidhaa nyingi hutozwa ushuru wa asilimia 5, na tangu Aprili 2021 kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 pia. Hesabu huanzia thamani pamoja na usafiri. Kwa kasha moja si pesa nyingi, ila kampuni ya vifurushi hutoza ada yake ya kushughulikia malipo hayo, na ada yaweza kuzidi kodi yenyewe. Hiyo ndiyo humkasirisha mnunuzi, basi itajwe mapema. Amuulize pia wakala wake wa forodha kama bidhaa ya mbao yahitaji cheti cha afya ya mimea. Kwa upande wetu hutolewa na KEPHIS, na lazima kipatikane kabla ya mzigo kuondoka.

Likifika limeharibika, litazame kabla ya kubishana. Pembe iliyobonyea, na boksi limebonyea papo hapo, ni safari, na dai linakwenda kwa kampuni. Ufa mrefu unaofuata nyuzi za mbao, uliotokea wiki ya pili kwenye duka lenye kiyoyozi, ni mbao iliyochongwa kabla haijakauka. Huo ni wako: lipa kasha jingine na usafiri wake.

Oda ya 40 ikija siku ya 60, invoisi isomeke hivi: 40 × 2,400 ni 96,000, toa 3,500 ya sampuli, zabaki 92,500. Akiagiza 25, makato hayapo, na umwoneshe ule ujumbe wa kwanza.