Kabla hujaamini kiwango chako cha kuagiza: chota muda wa kusubiri kutoka rekodi zenyewe

Wanafunzi wengi wanaokuja kufanya kazi za stoo na ununuzi huku Kisumu na Nakuru wanaijua kwa moyo fomula ya kiwango cha kuagiza, yaani idadi ya katoni ambayo stoo ikishuka hadi hapo unatuma oda mpya. Wanachukua wastani wa mauzo, wastani wa muda wa kusubiri mzigo, wanaongeza akiba ya tahadhari, kisha wanapata namba moja safi. Ushauri wangu ni huu: kabla hujampelekea meneja namba hiyo, chora rekodi za muda wa kusubiri uzitazame kwa macho. Baada ya hapo ijaribu kwa kuchota rekodi hizohizo bila mpangilio, maelfu ya mara. Mara nyingi utagundua kwamba fomula imekuahidi usalama ambao haupo.

Nitatumia mfano niliouunda kwa kufuata sura ya rekodi tunazokutana nazo. Duka la jumla Kisumu linauza mafuta ya injini, wastani wa katoni 12 kwa siku, na mkengeuko wastani wa katoni 4. Linaagiza katoni 300 kwa mkupuo, yaani mauzo ya siku 25 hivi. Msambazaji yuko Nairobi. Akiwa na mzigo ghalani, lori linafika Kisumu ndani ya wiki moja hivi. Akiwa ameishiwa, oda yako inangoja kontena litoke Mombasa. Oda 20 zilizopita zilichukua siku hizi, tangu oda itumwe hadi mzigo upokelewe stoo:

5, 6, 4, 7, 5, 6, 8, 5, 6, 7, 5, 6, 4, 7, 6, 19, 22, 24, 21, 26

Hapa nimezipanga ili sura yake ionekane, fupi mbele na ndefu nyuma. Katika daftari la stoo zinakuja kwa tarehe, na mpangilio huo wa tarehe usiutupe, nitaurudia. Wastani wake ni siku 10 kasoro kidogo, na mkengeuko wastani ni siku 7.5. Sasa itafute siku ya 10 ndani ya orodha. Haipo, wala hakuna kitu chochote kati ya siku 8 na siku 19. Wastani umeangukia mahali ambapo hakuna oda hata moja iliyowahi kufika. Hizi ni hali mbili tofauti za msambazaji zilizochanganywa kwenye safu moja, na histogramu yake ina vilima viwili na bonde tupu katikati.

Fomula ya vitabuni haijui habari ya vilima viwili. Ukitaka uwezekano wa 95% wa kumaliza mzunguko, yaani tangu kuagiza hadi mzigo kufika, bila kuishiwa, inasema hivi, ROP ikiwa ndiyo kiwango cha kuagiza:

ROP = 12 × 9.95 + 1.645 × √(9.95 × 4² + 12² × 7.54²) ≈ 270

Hesabu yenyewe haina kosa. Tatizo ni ile 1.645, ambayo inadhani mauzo ya kipindi cha kusubiri yanafuata mgawanyo wa kawaida wenye kilima kimoja. Kwa hiyo tuiache dhana hiyo, tuchote. Mzunguko mmoja wa uigaji unakwenda hivi: unachota muda mmoja kutoka zile rekodi 20, tuseme imetoka 24. Unachota mauzo ya siku 24, tuseme jumla yake ni katoni 288. Ulikuwa na 270 ulipoagiza, kwa hiyo katoni 18 zimekosekana kabla lori halijafika. Unaandika “umeishiwa, pungufu 18”, unairudisha ile 24 kwenye rundo, unachota tena. Kurudisha ni lazima, ili kila mzunguko uwe na nafasi ileile ya kukutana na kila rekodi.

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(7)
siku = np.array([5,6,4,7,5,6,8,5,6,7,5,6,4,7,6,
                 19,22,24,21,26])
L = rng.choice(siku, size=10000, replace=True)
D = rng.normal(12*L, 4*np.sqrt(L))
for R in (130, 190, 270, 300):
    pungufu = np.maximum(D - R, 0).mean()
    print(R, (D <= R).mean(), 1 - pungufu/300)
```

Mauzo nimeyachukua kwa mgawanyo wa kawaida ili msimbo uwe mfupi. Kazini chota pia mauzo halisi ya kila siku. Angalia vilevile kama duka hufungwa Jumapili, maana siku za kusubiri huhesabiwa kwa kalenda na mauzo huhesabiwa kwa siku za kazi, na ukizichanganya matokeo yote yanapinda bila kukuonyesha dalili yoyote. Na kumbuka kwamba L na D zinachotwa mara moja, nje ya kitanzi. Kila sera, yaani kila kiwango R, inakutana na bahati ileile, kwa hiyo tofauti unayoiona ni ya sera, si ya mchoto.

Kwa kiwango cha 270, mizunguko isiyoishiwa ni kama 88%, si 95%. Ukitaka 95% ya kweli unahitaji karibu katoni 300. Fomula imekosea kwa katoni 30 tu, lakini hatari imepanda kutoka 5% hadi karibu 12%, zaidi ya maradufu.

Jambo la kutazama kwa makini zaidi ni viwango vya chini. Kwa 130 unapata 75%. Kwa 190 unapata 75% vilevile. Umeongeza katoni 60 stoo, pesa imelala, na idadi ya mizunguko unayoishiwa karibu haijasogea. Sababu ni lile bonde. Katoni 130 zinatosha kufunika oda zote za siku 8 kurudi chini, na oda ya siku 19 inahitaji takriban 228. Chochote utakachoweka kati ya 130 na 190 karibu hakiokoi mzunguko wowote. Kwa kipimo hiki una uamuzi wa namna mbili tu: ama ukubali kuishiwa kila msambazaji anapoishiwa, ama ubebe akiba ya kutosha kuvuka kilima cha pili chote. Fomula haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu mkunjo wake unapanda taratibu kila mahali.

Lakini tazama pia safu ya mwisho ya majibu kabla hujahukumu. Inapima sehemu ya mauzo iliyohudumiwa papo hapo, kwa kudhani wateja waliokosa wanasubiri. Hapo 130 inatoa kama 88%, 190 inatoa 93%, 270 inatoa 99%, na 300 inakaribia 99.7%. Kwa kipimo hiki zile katoni 60 zina kazi: haziondoi upungufu, ila zinaufupisha. Mwenye duka ambaye fundi wa gereji akikosa mafuta anavuka barabara kwenda kwa jirani anajali katoni zilizokosekana. Hospitali inayongoja dawa inajali kama rafu imekuwa tupu hata kwa siku moja. Muulize mwenye stoo ni lipi linalomuuma kabla ya kuchagua kipimo, kwa sababu data zilezile zinaweza kuisifu sera ya 190 au kuikataa kabisa.

Sasa mipaka ya njia hii, na wa kwanza ndio unaowanasa wengi. Ukiona mizunguko 10,000 utajihisi una uhakika mkubwa. Kweli, kosa la mchoto kwenye ile 88% ni chini ya asilimia moja. Hata hivyo rekodi zako bado ni 20, na oda ndefu ni 5 tu. Kama kweli msambazaji huishiwa robo ya nyakati, oda 20 nyingine zingeweza kwa urahisi kuleta ndefu 2 au ndefu 9. Kwa kiwango cha 270, ndefu 2 zina maana ya hatari ya kama 5%, na ndefu 9 zina maana ya kama 21%. Kuongeza mizunguko hadi milioni hakugusi wasiwasi huo. Unachoweza kufanya ni kuchota mara mbili: kwanza chota orodha mpya ya rekodi 20 kutoka zile 20, endesha uigaji mzima juu yake, andika jibu, kisha rudia kwa orodha 200 hivi. Mpelekee meneja upana wa majibu hayo, si namba moja yenye desimali.

Mpaka wa pili ni kwamba mchoto hauwezi kutoa siku ya 27. Ndefu kuliko zote ni 26, basi kwa kompyuta dunia inaishia hapo. Watu wa magharibi mwa Kenya wanajua haiishii hapo. Katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, barabara na reli za kuja huku zilizibwa, na mafuta ya gari yakaadimika hadi Uganda. Tukio kama hilo usilifiche ndani ya wastani. Endesha jaribio lake pembeni: weka siku 45 kwa makusudi, uone stoo inakauka siku ya ngapi. Kwa kiwango cha 300 na katoni 12 kwa siku, ni siku ya 25 hivi.

Wa tatu ni ule mpangilio wa tarehe. Msambazaji akiishiwa, haishiwi kwa oda moja, kwa hiyo oda ndefu huja zikiwa zimefuatana. Ukichota moja moja unazitawanya, na uigaji hauonyeshi ule msimu mbaya wa oda tatu mfululizo ambao ndio unaomfukuza mteja. Chota vipande vya rekodi 3 au 4 zilizofuatana kwa tarehe badala ya rekodi moja moja. Ukiona asilimia ya jumla haibadiliki sana ila matukio ya kuishiwa yanaanza kukaa kwa makundi, ujue mpangilio ulikuwa na habari.

Mpangilio huo una madhara makubwa zaidi ukijaribu sera ya oda ndogo, tuseme katoni 120 kila siku 10. Hapo oda mbili au tatu zinaweza kuwa njiani pamoja, na uamuzi wa kuagiza lazima uangalie kilichopo stoo jumlisha kilichoko njiani, si kilichopo rafuni peke yake. Kisha kompyuta inaweza kuchota 26 kwa oda ya siku ya 0 na 5 kwa oda ya siku ya 10, na ile ya pili ikafika siku ya 15, siku 11 kabla ya ya kwanza. Msambazaji ni yuleyule na ghala lake ni tupu, kwa hiyo mzigo huo ni wa hewa. Katoni hizo za uongo zinaziba pengo, na sera ya oda ndogo inaonekana bora kuliko ilivyo. Kinga ya haraka ni kulazimisha kila oda ifike sambamba na iliyotangulia au baada yake:

```python
kufika = max(kufika_iliyotangulia, leo + muda)
```

Iliyo bora ni kuacha kuchota muda kwa kila oda na kuchota hali ya msambazaji kwa tarehe: ana mzigo au hana, na ameishiwa kwa siku ngapi. Oda zote zilizotumwa ndani ya kipindi hicho zinangoja kontena lilelile. Kwa hilo unahitaji tarehe za oda zenyewe, si tofauti ya siku peke yake, kwa hiyo ukiomba data stoo, omba safu zote mbili: tarehe ya kutuma oda na tarehe ya kupokea mzigo.