Blenda iliyorudi bado inakudai

Wadogo zangu mnaokagua malipo ya soko la mtandaoni tunakouzia, juzi nimemkuta tena mtu amejumlisha taarifa ya malipo ya wenye soko, akailinganisha na pesa zilizoingia benki, akaona zimelingana, akaenda kula. Zisilingane kwa nini? Zote zimetoka kwa wenye soko wale wale! Ulichothibitisha ni kwamba walituma walichosema wametuma.

1. Anza na orodha yako ya oda, kwa tarehe ya kufikishwa, si ya kuagizwa.

2. Andika mapema kila oda inapaswa kuleta nini. Tuseme blenda ni shilingi 3,500 na mkataba wenu ni komisheni ya asilimia 10: hiyo ni 350. VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya komisheni, si juu ya blenda, kwa hiyo ni 56. Unabaki na 3,094.

3. VLOOKUP. Hapa mnivumilie, maana aibu hii ni yangu. Nilikuwa navuta malipo kwa namba ya oda, na shiti yote ilikuwa inapendeza kwa kijani. Nilichosahau ni kwamba oda moja ina mistari mingi kwenye taarifa: bei, komisheni, VAT, na mteja akirudisha mzigo, mistari mingine wiki zinazofuata. VLOOKUP inachukua mstari wa kwanza inaoukuta na kuishia hapo. Kwangu wa kwanza ulikuwa ule wa bei. Kwa hiyo kila blenda iliyorudi niliiona imeuzwa na kulipwa, nami nikamwambia bosi kwa kujiamini kabisa kwamba hatudai kitu. Kumbe wenye soko walikuwa wamekata 3,500 mzigo uliporudi, lakini 350 na 56 hawakurudisha. Shilingi 406 kwa bidhaa ambayo imerudi stoo! Nilipogundua, muda wa kulalamikia zile za mwanzo ulikuwa umepita, na bosi hakucheka.

Bandika taarifa za wiki zote kwenye ukurasa mmoja uitwao Taarifa, namba za oda safu A na kiasi safu D, makato yakiwa na alama ya kutoa, kisha kwenye orodha yako ya oda, namba zikiwa safu A, jumlisha:

```
=SUMIFS(Taarifa!D:D, Taarifa!A:A, A2)
```

Iliyouzwa ikae kwenye 3,094. Iliyorudi ifike sifuri. Ukiona -406, komisheni haijarudi. Ukiona kiasi kingine, soma kwanza mkataba, huenda ni ada ya kurudisha mzigo mliyokubali wenyewe, na hiyo usiipigie kelele.

4. Ankara ya komisheni ni ya mwezi, malipo ni ya wiki. Oda iliyofikishwa tarehe 30 huenda ikalipwa mwezi ujao, kwa hiyo ipake rangi ya njano na usubiri taarifa inayofuata kabla ya kuita watu wezi.

5. Malalamiko yawe kwa oda: namba, mistari ilivyo, kiasi kinachokosekana. Kuna mmoja wenu aliandika "pesa zetu hazitoshi, tafadhali angalieni". Akajibiwa kwa kutumiwa taarifa ile ile.