Mkopo wa dola: usifunge mwaka kabla ya kutenga hasara hizi mbili

Ninatunza vitabu vya wafanyabiashara kadhaa hapa Mwanza, na wenye mikopo ya dola huniuliza swali lilelile kila Desemba: nimelipa mwaka mzima, mbona deni halishuki kwa shilingi?

Tuchukue mfano wa mwenye mashine ya barafu Ilemela, anayewauzia wasafirishaji wa sangara na kulipwa kwa shilingi. Machi alikopa dola 100,000, dola ikiwa shilingi 2,500. Leja ikaandika 250,000,000. Septemba alirejesha dola 20,000 kwa 2,560, benki ikakata 51,200,000. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaondoa 51,200,000 yote kwenye mkopo. Dola hizo zilikuwa zimeandikwa 50,000,000, kwa hiyo mkopo unapungua kwa kiasi hicho tu, na 1,200,000 inayobaki ni hasara iliyotimia, kwa sababu fedha imeshatoka.

Salio sasa ni dola 80,000, kitabuni 200,000,000. Tuseme Desemba 31 dola ni 2,620. Deni linakuwa 209,600,000, na tofauti ni hasara isiyotimia:

```
Dr  Hasara ya kubadili fedha (isiyotimia)   9,600,000
    Cr  Mkopo wa dola                       9,600,000
```

Aliyekosea Septemba atapata tofauti ya 10,800,000. Jumla ya hasara ya mwaka haibadiliki, ndiyo maana kosa hilo hujificha. Lakini hataweza kumwonyesha mkaguzi wala mshauri wa kodi ni ipi imetimia. Dawa yake ni leja yenye safu mbili, dola na shilingi. Ukizidisha safu ya dola kwa bei ya kufunga, lazima upate salio la shilingi.

Bei yenyewe ichukue Benki Kuu. Wanatangaza ya kununua, ya kuuza na ya wastani. Kubaliana na mkaguzi wako mtumie ipi, kisha usiibadilishe mwakani kwa sababu tu nyingine inapendeza. Riba ya dola ambayo haijalipwa nayo ni deni, ipigie hesabu kwa bei hiyohiyo. Mashine iache na bei yake ya siku ya kununua, hata kama uliilipia kwa dola. Wapo wanaotaka kuibebesha ile 9,600,000 ili faida isishuke. Mashine iko kazini tayari, na kwa kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 21 hasara hiyo inakwenda kwenye faida na hasara.

Januari angalia programu yako. Baadhi hufuta ingizo la Desemba zenyewe siku ya kwanza ya mwaka. Ikifuta, hesabu za mwaka mpya zianzie 2,500; isipofuta, zianzie 2,620. Ukichanganya, kwa mfano programu imefuta nawe ukapima malipo ya Februari kwa 2,620, salio la shilingi halitalingana na dola zilizobaki, na utaanza kutafuta upya sehemu ya 9,600,000 ileile.