Makabidhiano ya nyumba pale unapomrudishia dhamana mpangaji anayetoka

"Wakuu, nimepata nyumba yenye samani Mikocheni. Mwenye nyumba anasema dhamana nimpe mpangaji anayetoka, kisha tukabidhiane wenyewe. Karatasi ya makabidhiano tuiandikeje ili baadaye nisidaiwe vitu ambavyo sikuviharibu mimi?"

Ndugu, utaratibu huo nimeupitia katika nyumba ya vyumba viwili hapo hapo Mikocheni, kwa hiyo nitakueleza jinsi tulivyofanya na sababu zake. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba wewe na huyo mpangaji hamna mkataba wowote baina yenu. Kila mmoja wenu ana mkataba wake na mwenye nyumba. Ukimlipa dhamana yake, unachukua nafasi yake mbele ya mwenye nyumba pamoja na kila kilichovunjika mikononi mwake, isipokuwa kama iko karatasi inayosema vinginevyo na mwenye nyumba ameitia saini. Karatasi yenye saini zenu wawili peke yake itamaliza ubishi kati yako na anayetoka, lakini haitakusaidia siku mwenye nyumba atakapokuja kukagua wewe unapohama.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, mwombe anayetoka karatasi aliyopewa alipoingia. Mara nyingi utaambiwa haipo, au ipo yenye mistari mitano tu: "sofa 1, friji 1, vitanda 2, jiko 1, AC 2." Orodha ya namna hiyo inahesabu vitu bila kueleza hali yake, na ndiyo inayozaa ugomvi, kwa sababu sofa lililochanika na sofa zima yote ni "sofa 1". Hata hivyo ichukue, kwa kuwa inaonyesha kipi ni cha mwenye nyumba na kipi ni cha mpangaji. Katika nyumba niliyoingia mimi, mapazia, mtungi wa gesi na feni ya kusimama vilikuwa vya dada aliyekuwa anatoka, naye alitaka kuniuzia. Tuliviandika kwenye karatasi tofauti kabisa, kwa sababu kitu ulichonunua kikiingia katika orodha ya nyumba, siku ya kuhama utakiacha.

Sasa kuhusu kuandika hali yenyewe. Epuka maneno kama "nzuri", "safi" au "ya wastani", kwa kuwa kila mtu huyasoma anavyopenda. Andika kilichoonekana kwa macho na kilichotokea ulipojaribu. Mistari miwili kutoka karatasi yetu ilisomeka hivi:

"Kiyoyozi, chumba kikubwa: kimewashwa kwa nyuzi 18 kwa dakika 20. Kinapoza. Mtambo wa nje unazunguka bila kelele. Maji yanadondoka ndani, upande wa kushoto. Rimoti ipo, kifuniko cha betri hakipo."

"Kabati chini ya sinki la jikoni: ubao wa chini umevimba na kubonyea kwa maji, eneo la takriban viganja viwili. Bomba la sinki limekauka, halivuji leo. Milango miwili inafunga."

Ona kwamba mstari wa kwanza hausemi kiyoyozi ni kibovu. Maji kudondoka ndani mara nyingi husababishwa na bomba la kutolea maji lililoziba au vichujio vilivyojaa vumbi, na hilo ni suala la kusafishwa na fundi, si la kubadilisha mashine. Lakini kama lisingeandikwa, mwaka mmoja baadaye ukuta ukishaota ukungu chini ya kiyoyozi, nani angeamini kwamba lilianza kabla yangu? Usiridhike na kuona taa ya kiyoyozi imewaka. Kipe muda, simama chini yake, kisha toka nje uhakikishe kompresa imeingia kazini, kwa sababu kiyoyozi kilichopungukiwa gesi hupuliza hewa kama kawaida, ila haipoi.

Feni za dari zijaribu katika kila namba ya regyuleta. Feni inayokokota katika namba za chini, au inayosubiri kusukumwa kwa mkono ndipo ianze kuzunguka, kwa kawaida kapasita yake imechoka. Ni tatizo dogo, liandike tu na mwendelee. Chooni ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi la flashi, usiflashi, rudi baada ya nusu saa. Ukikuta rangi imeingia kwenye bakuli, mpira wa ndani unapitisha maji na utakuwa unalipia maji usiyoyatumia. Kisha funga koki zote ndani ya nyumba na uangalie kigurudumu kidogo kwenye mita ya DAWASA. Kikiendelea kuzunguka wakati hakuna koki iliyofunguliwa wala tangi linalojaa, maji yanapotelea mahali fulani baada ya mita. Kama nyumba ina simtanki, subiri lijae kwanza, vinginevyo kipimo hicho kitakudanganya.

Yote haya yanahitaji umeme na maji yawepo. Umeme ukiwa umekatika siku hiyo, msiandike kwamba kiyoyozi au hita ya maji ni nzima kwa sababu tu anayetoka amekuhakikishia. Andikeni "haijajaribiwa, umeme haukuwepo", na mkubaliane siku ya kurudi. Neno hilo "haijajaribiwa" limewaokoa wengi kuliko saini.

Ukaguzi ufanyike mara mbili. Wa kwanza ni wakati yeye bado anaishi humo, kwa ajili ya kujaribu vifaa. Wa pili ni baada ya kutoa vitu vyake vyote, kwa sababu nyuma ya kabati lake la nguo na chini ya zulia ndiko zinakojificha tailizi zilizopasuka, ukuta uliolowa na soketi iliyoungua. Mimi nilikuta kioo cha dirisha la alumini kimepasuka pembeni, mahali ambapo pazia lilikuwa limekifunika, na yeye mwenyewe alikuwa amesahau. Saini ziwekwe baada ya ukaguzi wa pili, na pesa zitoke baada ya saini. Akikuambia gari la mizigo linamsubiri nje na anahitaji pesa zake sasa hivi, mwombe avumilie kidogo.

Katika kukata fedha, tenganisha uharibifu na uchakavu wa kawaida. Rangi ya ukuta iliyofifia, kutu kidogo kwenye grili za nyumba iliyo karibu na bahari, na mto wa sofa uliolegea ni uchakavu. Mpangaji amelipia matumizi hayo kupitia kodi. Kioo kilichopasuka na ubao ulioharibiwa na maji ya bomba lililoachwa likivuja ni uharibifu. Kuhusu ubao, dada yule alisema aliwahi kumweleza mwenye nyumba kwamba bomba linavuja na fundi akachelewa. Angekuwa na ujumbe wa simu wa kuthibitisha, gharama ingemwangukia mwenye nyumba, na mimi ningesimama upande wake. Hakuwa nao, akakubali kulipa.

Hesabu ilikwenda hivi. Dhamana ilikuwa shilingi 700,000, sawa na kodi ya mwezi mmoja. Fundi seremala alitaka 85,000 kubadilisha ubao, na fundi wa alumini 35,000 kwa kioo, jumla 120,000. Nikamlipa yeye 580,000 kupitia simu, ili muamala wenyewe uwe ushahidi. Hapa pana mtego ambao watu wengi hawauoni. Mwenye nyumba lazima aandike kwamba anashikilia dhamana yangu ya 700,000, si 580,000, kwa kuwa ile 120,000 imebaki kwangu kwa kazi maalumu ya kutengeneza vitu vyake. Nisipovitengeneza, nitakuwa nimekula fedha ya ukarabati huku karatasi ikionyesha kwamba kasoro ilikuwepo tangu mwanzo, na mwenye nyumba atakuwa na haki ya kunidai. Kwa hiyo tuliandika kazi mbili hizo na tarehe ya mwisho ya kuzikamilisha, na risiti za mafundi zikabanwa nyuma ya karatasi.

Aya ya mwenye nyumba haihitaji lugha ya kisheria. Ya kwetu ilisema kwamba ameikagua orodha hii, anaikubali kuwa ndiyo hali ya nyumba siku mpangaji mpya alipoingia, hana dai lolote kwa mpangaji aliyetoka, na anatambua kuwa dhamana ya 700,000 sasa ni ya mpangaji mpya. Kama yuko mbali, amteue mtu kwa maandishi. Dalali hatoshi, kwa sababu ukishaingia kazi yake imekwisha. Mzee wetu alisitasita kidogo mwanzoni akidhani hatumwamini, lakini alipoona kwamba karatasi hiyo hiyo inamlinda naye nikivunja kitu, akaitia saini na kuomba nakala. Wengine huipeleka pia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ishuhudiwe kwa muhuri, jambo ambalo halina ubaya.

Mita zisomwe siku ya funguo. Kwa maji, andika tarakimu nyeusi, ambazo ni uniti nzima, kila uniti ikiwa lita 1,000. Ankara ya mwisho ilionyesha 1,463, nasi tulisoma 1,482, kwa hiyo uniti 19 zilikuwa zake. Tukapiga kwa bei ya uniti iliyoonekana kwenye ankara hiyo, akalipa kabla hajaondoka. LUKU hudhaniwa haina deni kwa sababu ni ya malipo ya kabla, lakini tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na kama mita imekaa miezi bila kununuliwa umeme, malimbikizo hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza. Nunueni umeme kidogo mbele ya wote watatu na msome ujumbe wa tokeni. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, kwa hiyo makato yakionekana, mkubaliane papo hapo yarudishwe au yapunguzwe kwenye kodi ya pango.

Picha ni muhimu, lakini picha mia mbili zisizo na mpangilio hazisomeki. Piga kila kasoro mara mbili, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha iko chumba gani, kisha andika namba ya picha kwenye mstari wake katika orodha. Zitume siku hiyo hiyo kwenye kundi la WhatsApp lenye nyote watatu, ili tarehe ijiandike yenyewe.

Mwisho, ongezeni mstari unaompa mpangaji mpya siku 14 za kuongeza kasoro ambazo hazikuweza kuonekana siku ya makabidhiano, na kwa paa ongezeni hadi mvua kubwa ya kwanza, hasa kama unaingia kipindi cha kiangazi. Mimi niliingia kabla ya masika, na mvua ilipoanza doa la maji likajitokeza kwenye jipsamu ya sebule, juu ya kochi. Nilituma picha usiku ule ule, mzee akaleta fundi wa paa kwa gharama yake, nasi tukaongeza mstari mmoja chini ya orodha wenye tarehe na saini zetu wawili.