Siku za kuchelewa malipo: zinahesabiwaje?

Nilifikisha unga hotelini tarehe 14 Machi 2025, ankara nikaipeleka tarehe 17. Mkataba unasema walipe ndani ya siku 30 tangu kupokea mzigo. Wamelipa 6 Mei. Wamechelewa siku ngapi? (Msambazaji, Morogoro)

Siku 23. Tarehe ya ankara iache kando, maana mkataba wenu umeshika siku ya kupokea mzigo. Siku yenyewe ya kupokea haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 15. Machi inakupa siku 17, zinabaki 13, kwa hiyo mwisho wa kulipa ulikuwa 13 Aprili. Kuanzia tarehe 14 Aprili wako nje ya muda: siku 17 za Aprili na 6 za Mei.

Kujihakiki, hesabu siku zote kutoka mzigo kupokelewa hadi pesa kuingia, ambazo ni 53, halafu toa 30. Ukipata 22 au 24, kuna siku umeirukia au umeihesabu mara mbili, na mara nyingi ni ile ya kupokea mzigo.

Ila wakikubishia kuhusu tarehe, hesabu haitakusaidia kitu bila karatasi ya kupokelea mzigo yenye sahihi, muhuri na tarehe. Mimi niliwahi kupoteza siku tisa kwa sababu mtunza stoo alitia sahihi bila kuandika tarehe, na mhasibu wao akashika ile aliyoingiza yeye kwenye kompyuta.

Hiyo 13 Aprili ilikuwa Jumapili. Mteja wangu mwenye tarehe hiyo hiyo anadai muda ulisogea hadi Jumatatu. (Nakuru)

Angalia mkataba kwanza. Kama umeandika kwamba siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu inasogea hadi siku ya kazi inayofuata, basi ana haki, na katika mfano wa hapo juu siku 23 zingekuwa 22. Kama umenyamaza, mwambie siku 30 ni siku za kalenda, Jumapili zikiwemo.

Anaweza kukutajia kifungu cha 57 cha sheria ya Kenya ya kutafsiri sheria, Sura ya 2. Kweli kinasogeza siku ya mwisho inayoangukia Jumapili au sikukuu, lakini kimetungwa kwa muda uliowekwa na sheria zilizoandikwa. Mkataba wenu unasimama kwa maneno yake. Binafsi nisingegombania siku moja. Ningeandika sentensi hiyo kwenye mkataba ujao.

Siku 30 si ndiyo mwezi mmoja? (Tanga)

Hapana. Mzigo wa 31 Januari 2025 muda wake uliisha 2 Machi. Mwaka 2024, Februari ilipokuwa na siku 29, ungeisha 1 Machi.

Ankara ni shilingi 1,200,000, riba ya kuchelewa asilimia 18 kwa mwaka. Tarehe ni kama za huyo wa Morogoro, ila mimi walinilipa 500,000 tarehe 28 Aprili na zilizobaki 6 Mei. (Mwanza)

Usitoze siku zote 23 juu ya ankara nzima. Kuanzia 13 hadi 28 Aprili ni siku 15, na deni lilikuwa bado 1,200,000: riba ya mwaka ni 216,000, ukizidisha kwa 15 na kugawa kwa 365 unapata 8,877. Baada ya hapo deni ni 700,000 kwa siku 8, yaani 2,762. Jumla 11,639.

Wangelipa zote 6 Mei, ingekuwa 13,611. Ukigawa kwa 360 badala ya 365 inapanda hadi 13,800, kwa hiyo kigawanyo nacho kiandikwe kwenye mkataba kabla watu hawajakasirikiana.

Nimeweka fomula kwenye Excel, inaniletea sifuri wakati najua mteja amechelewa. (Mombasa)

Fomula yako haina kosa, kama ndiyo hii, A2 ikiwa siku ya kupokea mzigo na B2 siku ya kulipwa:

```
=MAX(0,B2-A2-30)
```

Nashuku tarehe zenyewe. Umeniandikia 7/3/2025 na 6/5/2025. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma mwezi kwanza, kwa hiyo inaona mzigo ulifika 3 Julai na pesa ziliingia 5 Juni, kabla ya mzigo! Jibu linakuwa hasi, na MAX inalifunika kwa sifuri. Kweli yenyewe ni siku 60 kutoa 30, yaani amechelewa siku 30. Badilisha mwonekano wa seli uonyeshe jina la mwezi, utaiona Julai mara moja. Na MAX iondoe kwanza mpaka umalize kukagua.

Hundi nilipewa ndani ya muda, ikaiva benki siku nne baadaye. (Arusha)

Inategemea mkataba unaita kipi malipo. Ukisema pesa kuingia kwenye akaunti, hesabu hadi siku iliyoiva. Usiposema, tarajia mteja ashike siku aliyokukabidhi hundi.