Kuunganisha alama za usaili

"Wakuu, tumesaili watu 8, wasaili tulikuwa watatu, kila mtu na karatasi yake ya alama. Naziunganishaje kwenye Excel, na nitajuaje wapi tumepishana sana?"

Wastani wa alama za wasaili watatu unatosha kupanga nafasi, ila unaficha mpishano. Weka kila msailiwa mstari wake, alama za wasaili safu B, C na D, kisha:

```
E2: =AVERAGE(B2:D2)
F2: =MAX(B2:D2)-MIN(B2:D2)
G2: =RANK(E2,E$2:E$9)
H2: =IF(F2>=20,"JADILI","")
```

Buruta hadi mstari wa 9, ndipo upange kwa G. Hiyo 20 ni kwa alama za 100. Kubalianeni kikomo kabla ya kufungua karatasi.

Tuseme msailiwa wa kwanza ana 90, 88 na 56, wa pili 78, 74 na 76. Wa kwanza anaongoza kwa 78 dhidi ya 76, lakini tofauti yake ni 34. Msaili wa tatu si mkali kwa wote, maana wa pili kampa 76. Kuna jibu alilisikia vingine, au kakosea kujumlisha. Rudini kwenye alama za swali moja moja. Akibadilisha, aandike sababu na kusaini, na alama ya awali ibaki ikisomeka.

Asiyemsaili mtu aache wazi. Akiweka 0, wastani unaporomoka.

Kama msaili mmoja ni mkali kwa kila mtu, hapo wenzangu hutofautiana kama alama zake zirekebishwe. Mimi naziacha, mradi kawasaili wote.